Kuchaji Simu Usiku Kucha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kwenye Meza ya Fundi, Lamu

Maswali haya yamekusanywa kwenye meza ya kutengeneza simu, katika kichochoro kimoja cha Langoni, kwa miaka kadhaa. Wanaoyauliza ni mabaharia, walimu, wenye maduka na mama wa nyumbani, na mengi hurudi karibu kwa maneno yale yale. Majibu yanahusu betri za lithiamu-ioni, yaani zile zilizomo katika simu zote za kisasa, na kila jibu linaweza kusomwa peke yake. Penye jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, msomaji ameelekezwa huko.

## Misingi

1. Nikiiacha simu kwenye chaji usiku kucha, je, betri itajaa kupita kiasi?

La. Betri ikishafika kiwango chake cha mwisho, saketi iliyomo ndani ya simu huukata mkondo unaoingia, hata kama waya umebaki umechomekwa mpaka asubuhi. Kuanzia hapo simu nyingi hutumia umeme wa chaja kwa mahitaji yake madogo, na betri huachwa ikipumzika.

Hofu hii hata hivyo haikuzuka bure. Betri ya lithiamu ikilazimishwa kweli kupita kiwango chake, madini ya lithiamu huanza kujikusanya juu ya grafiti, yaani upande wa betri unaoipokea lithiamu wakati wa kuchaji, badala ya kuingia ndani yake, joto hupanda, na betri yaweza kushika moto. Kwa kuwa hatari hiyo inajulikana tangu betri hizi zilipoanza kuuzwa mwaka 1991, hakuna simu inayotengenezwa bila saketi ya kuizuia. Kwa hiyo anayeogopa betri kujaa kupita kiasi anaogopa jambo ambalo simu nzima imelindwa dhidi yake, na mara nyingi huku akisahau jambo linaloila betri yake kila usiku, ambalo limeelezwa katika swali la 6 na la 7.

2. Chaja inajuaje kwamba simu imejaa?

Haijui. Kile kidude tunachokiita chaja, kinachoingia kwenye soketi ya ukutani, kazi yake ni moja tu: kuupokea umeme wa volti 240 na kuutoa ukiwa volti 5, au zaidi kwa chaja za haraka. Chaja yenyewe hasa, kwa maana ya kitu kinachoamua betri ipewe nini na kwa muda gani, ni chipu ndogo kuliko punje ya mchele iliyobandikwa kwenye bodi ya simu.

Ndiyo maana swali la «chaja kubwa itaichoma simu yangu ndogo» lina jibu fupi. Chaja haisukumi ampea ndani ya simu. Simu ndiyo inayovuta kiasi inachokihitaji. Chaja iliyoandikwa ampea 3 ikichomekwa kwenye simu inayovuta ampea 1 itatoa ampea 1. Chaja za haraka nazo hutoa volti 5 kwanza, na hazipandishi mpaka simu ikubali. Kinyume chake ndicho chenye shida: chaja dhaifu inayoombwa zaidi ya uwezo wake hupata moto, nayo imezungumziwa katika swali la 8.

3. Kwa nini asilimia 20 za mwisho hukawia hivyo?

Betri hujazwa kwa awamu mbili. Katika awamu ya kwanza, chipu hutoa mkondo usiobadilika huku volti za betri zikipanda taratibu kutoka 3.5 au pungufu. Volti zikifika kikomo, ambacho ni 4.2 kwa betri za zamani na 4.35 hadi 4.45 kwa nyingi za sasa, awamu ya pili huanza: volti hushikiliwa palepale zisipande tena, na mkondo huachwa upungue wenyewe.

Anayetaka kuiona picha yake na asimame kwenye gati la Mokowe boti inapopakia. Abiria wa kwanza huingia kwa haraka na kuketi popote. Boti inapokaribia kujaa, kila anayeingia hulazimika kutafuta upenyo, kuomba asogezewe, kupita juu ya mizigo. Nahodha akiwasukuma kwa kasi ile ile ya mwanzo, watu watasongamana mlangoni. Ioni za lithiamu, yaani chembe ndogo zinazobeba chaji, nazo huingia katikati ya matabaka ya grafiti kwa namna hiyo, na kule kusongamana mlangoni ndiko kujikusanya kwa madini kulikotajwa katika swali la 1. Chipu hupunguza mkondo ili kila ioni ipate muda wa kuketi.

Mkondo unaposhuka hadi karibu sehemu moja ya kumi au ya ishirini ya ule ambao ungeijaza betri kwa saa moja, chipu huhesabu kazi imekwisha, na hukata. Haiendelei kutiririsha kidogo kidogo, kwa sababu lithiamu haivumilii mtiririko wa namna hiyo.

4. Na chipu hiyo ikiharibika je?

Ndani ya karatasi ya betri yenyewe, upande wa juu pale penye waya bapa, kuna kibodi, yaani bodi ndogo nyembamba, chenye saketi ya pili isiyoitegemea simu kwa lolote. Volti zikivuka kikomo kwa kiasi kidogo tu, kibodi hiki huitenga betri. Hufanya hivyo pia betri inapoishiwa kupita kiasi au nyaya zake zinapogusana.

Hapa pana tahadhari ya kweli. Nimewahi kufungua betri za bei ya chini zilizoletwa na wateja na kukuta kibodi hicho kimewekwa bila baadhi ya vipande vyake, au bila kihisi cha joto, mahali pake pakiwa na kipingamizi cha kawaida kinachoidanganya simu kwamba betri iko kwenye nyuzi 25 daima. Betri kama hiyo hufanya kazi vizuri tu, mpaka siku ile kinga inapohitajika. Dalili ni rahisi kuiona ukijua pa kutazama: simu ikiwa juani au imetoka mfukoni kwa mtu aliyekuwa akitembea mchana, joto la betri linaloonyeshwa kwa njia ya swali la 5 halibadiliki hata kwa nyuzi moja.

## Usiku wenyewe

5. Basi nini hasa hutokea kati ya saa nne usiku na alfajiri?

Swali hili liliulizwa mara nyingi mno hata nikaamua kukesha nikilipima. Nilichukua simu ya kawaida yenye betri ya milliampea-saa 4,000, ikiwa imebakiwa na asilimia 22, nikaichomeka kwa chaja ya volti 5 na ampea 2, na katikati ya chaja na waya nikaweka kipimo kidogo kinachoonyesha mkondo. Simu ililala juu ya baraza la mawe ndani ya chumba chenye nyuzi 29. (Mke wangu aliuliza kama simu ile ni mgonjwa.)

Saa nne kamili kipimo kilionyesha ampea 1.7, na kikabaki hapo bila kuyumba. Saa tano na robo simu ilikuwa asilimia 79, na ndipo mkondo ulipoanza kupungua. Hiyo ndiyo awamu ya pili ya swali la 3. Saa sita kamili ulikuwa ampea 0.5 na simu asilimia 97. Saa sita na dakika ishirini na tano kioo kiliandika 100, ingawa mkondo ulikuwa bado ampea 0.2, maana yake kazi ilikuwa haijaisha kabisa. Dakika kumi baadaye mkondo uliporomoka kwa mkupuo mmoja hadi 0.03. Hapo ndipo chipu ilipokata, na kile kidogo kilichobaki kilikuwa matumizi ya simu yenyewe ikisubiri ujumbe.

Baada ya hapo sikuona kitu kwa muda mrefu. Ilipofika karibu saa kumi na dakika arobaini mkondo ulipanda tena hadi 0.3, ukakaa kwa dakika chache, ukashuka. Betri ilikuwa imepungua kidogo, na chipu ikaizibia pengo. Adhana ya alfajiri ilipokaribia, simu ilikuwa imekwisha kukaa kwenye asilimia 100 kwa takriban saa nne na nusu.

Mwenye kompyuta yenye programu ya `adb`, simu ikiwa imewashwa `USB debugging`, anaweza kufuatilia simu ya Android kwa amri hii, bila kununua kipimo:

```
adb shell dumpsys battery
```

Mstari wa `status` ukisoma 2, simu inachaji. Ukisoma 5, imejaa. Mstari wa `voltage` hutoa volti kwa sehemu za elfu, hivyo 4352 ni volti 4.352, na wa `temperature` hutoa joto kwa sehemu za kumi, hivyo 312 ni nyuzi 31.2. Kwenye simu ile, tarakimu 5 ilitokea muda ule ule mkondo ulipoporomoka.

6. Ikiwa hakuna kinachozidi, kwa nini mafundi husema betri isikae kwenye asilimia 100?

Kwa sababu betri huzeeka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumika, nayo inajulikana na kila mtu. Ya pili ni kukaa tu. Ndani ya betri, maji ya kemikali yanayozipitisha ioni huliwa polepole yanapokutana na grafiti, na mabaki yake hujenga utando unaozidi kuwa mnene mwaka hadi mwaka, ukizifungia ndani yake ioni ambazo hazitatoka tena. Upande wa pili wa betri nao huchakaa kadiri volti zinavyokuwa juu. Mambo mawili huyaharakisha haya yote: betri kuwa imejaa sana, na betri kuwa na joto. Yakikutana pamoja, huzidishana.

Kuna jedwali linalonukuliwa sana na mafundi wa betri. Betri iliyowekwa mwaka mzima bila kutumiwa katika nyuzi 25, ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubakiwa na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikiwa imejaa, hubakiwa na 80. Katika nyuzi 40, ile ya kwanza hubakiwa na 85, na iliyojaa na 65. Betri za leo hustahimili zaidi ya hizo za jedwali, lakini mpangilio haujabadilika, na kwa sisi wa pwani safu ya nyuzi 40 ndiyo ya kutazamwa: simu iliyoachwa dirishani mchana wa mwezi wa pili, kaskazi inapokaribia kutulia, huifikia safu hiyo kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo zile saa nne na nusu za swali la 5 si sumu. Katika chumba chenye upepo ni hasara ndogo inayojilimbikiza, na mtu anayebadilisha simu kila baada ya miaka miwili huenda asiione kabisa. Anayetaka simu yake imfikishe mwaka wa nne au wa tano ndiye anayefaa kuihesabu.

7. Mimi huiweka simu chini ya mto ili nisikie inapoita. Kuna ubaya?

Katika mambo yote yaliyomo kwenye ukurasa huu, hili ndilo ningeliacha kwanza. Usiku wa pili baada ya kipimo cha swali la 5 niliirudia kazi ile ile, kwa simu na chaja zile zile, ila simu ikiwa chini ya mto wa sufi. Juu ya baraza, joto la betri halikuzidi nyuzi 36. Chini ya mto lilifika 44 kabla ya saa tano na robo. Chipu ilihisi joto hilo kupitia kihisi kilichomo kwenye betri, ikaupunguza mkondo kutoka ampea 1.7 hadi 0.5, na simu ikajaa saa nane usiku badala ya saa sita na nusu.

Yaani saketi ilifanya kazi yake, na simu haikuungua. Lakini betri ilipitisha saa nyingi ikiwa na joto, na baadaye ikiwa imejaa na bado ina joto, kwa sababu sufi haitoi joto upesi. Hayo ndiyo mambo mawili ya swali la 6 yakiwa yamelazwa kitanda kimoja. Ikiwa betri ni ile yenye kihisi cha uongo kilichotajwa katika swali la 4, hakuna wa kupunguza mkondo.

Mahali pazuri ni sakafu ya saruji, ubao mtupu, au kidaka cha ukutani, kava nene ikiwa imevuliwa. Anayesubiri kupigiwa aongeze sauti ya mlio.

8. Mbona basi tunasikia simu zimewaka moto usiku?

Matukio hayo yapo, lakini chanzo chake ni kingine. Kilichowaka kinapokaguliwa, mara nyingi hukutwa ni chaja duni, ekstensheni iliyolegea, waya uliochubuka, au betri iliyokwisha kupondeka au kuvimba.

Chaja duni huharibikia mahali pamoja panapojulikana. Ndani ya chaja, upande wa volti 240 na upande wa volti 5 hutakiwa kutenganishwa kwa nafasi ya kutosha na kwa transfoma yenye kinga ya tabaka kadhaa. Katika chaja za kuiga nafasi hiyo hubanwa, na unyevu wa pwani ukiingia humo pamoja na chumvi, umeme hupata njia. Dalili ya mwanzo ni ile wateja wanayoielezea kwa kucheka: kioo kuruka na kubonyeka chenyewe simu ikiwa kwenye chaji, au mwili wa chuma wa simu kuwashawasha ukipapaswa kwa mgongo wa mkono. Zipo chaja nzuri zinazowasha kidogo pia, lakini ikiwasha kwa nguvu, au ikinuka, au ikiwa haishikiki kwa moto, haifai kulaliwa nayo chumba kimoja.

## Tabia za kila siku

9. Je, niiache simu imalize chaji kabisa kwanza, na simu mpya niichaji kwa saa nane kabla ya kuitumia?

Yote mawili ni urithi wa betri za nikeli, zilizotumika katika simu za zamani na redio za upepo. Betri hizo zilihitaji kumalizwa mara kwa mara, la sivyo zilipoteza sehemu ya uwezo wao. Lithiamu haina tabia hiyo. Kuimaliza hadi simu izime huichosha zaidi kuliko kuichaji ikiwa na asilimia 30.

Kuchaji kidogo kidogo hakupotezi chochote. Mzunguko mmoja wa betri huhesabiwa kwa kujumlisha matumizi, si kwa idadi ya kuchomeka: anayetumia asilimia 50 leo na 50 kesho amemaliza mzunguko mmoja, hata kama aliichomeka mara sita. Mfano wa kiwango ni wa kampuni ya Apple, inayoeleza kwamba betri za simu zake hadi iPhone 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 baada ya mizunguko 1,000.

10. Kuna simu zinazoweza kuwekewa kikomo cha asilimia 80. Nikiweke?

Kwa anayelala karibu na soketi na kukaa dukani mchana, ndiyo, bila kusita. Ni hatua moja inayopunguza hasara ya swali la 6. Katika simu za Samsung sehemu hiyo huandikwa `Battery protection` au `Protect battery`. Simu nyingine zina njia ya kati: hujifunza saa ya kuamka ya mwenye simu, hushikilia asilimia 80 usiku, kisha humalizia asubuhi. Kwenye iPhone, tangu mwaka 2019, inaitwa `Optimized Battery Charging`, na kwenye Pixel za Google `Adaptive Charging`. Njia hiyo humfaa mwenye ratiba moja. Mwenye kuamka leo saa tisa kwa ajili ya maji kupwa na kesho saa kumi na mbili ataishia kuikuta simu kwenye asilimia 80 siku anayoihitaji kamili.

Baharia anayekwenda Kiwayuu kwa siku mbili aijaze simu yake mpaka 100, na asijali. Betri imenunuliwa ili itumike.

11. Chaja ya haraka huua betri?

Huleta joto zaidi, na kwa joto hilo huongeza uchovu kidogo, lakini watengenezaji wameliona: kasi kubwa hutolewa betri ikiwa chini tu, na hupunguzwa mapema kabla ya awamu ya pili ya swali la 3. Kwa usiku haina faida yoyote, kwani anayelala kwa muda wa saa saba hana haraka. Tumia chaja ndogo usiku na ya haraka mchana.

## Hali za pekee

12. Umeme hukatika na kurudi mara kadhaa usiku. Je, betri huumia?

Betri haiumii, kwake kila kurudi kwa umeme ni kama kuchomeka upya. Anayeumia ni chaja, kwa sababu umeme ukirudi huweza kuja na volti za ghafla zinazozidi kiwango. Mtaa ambao umeme wake huyumba sana, ni heri kuchomoa chaja mara unapokatika na kungoja dakika chache baada ya kurudi.

13. Kwetu tunachaji kwa sola moja kwa moja. Mbona simu inasema inachaji lakini haipandi?

Paneli ndogo isiyo na betri yake hutoa mkondo unaofuata jua. Wingu likipita, volti huanguka chini ya kiasi ambacho chipu inakikubali, chipu huacha, volti hupanda tena kwa kuwa hakuna anayevuta, chipu hujaribu tena. Mchezo huo huendelea huku kioo kikiwaka kila mara na kumaliza kile kidogo kilichoingia. Dawa yake ni kuichaji pawabenki kwa paneli mchana, kisha simu kwa pawabenki jioni, kivulini. Hilo pia huinusuru simu kulazwa juani kando ya paneli, hali inayoirudisha kwenye safu mbaya ya jedwali la swali la 6.

14. Simu imeingia maji ya bahari lakini inafanya kazi. Naweza kuichaji?

Usiichaji usiku huo. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na ndani ya tundu la chaji kuna pini yenye volti 5 iliyo karibu sana na nyingine. Ukiichomeka ikiwa imelowa, pini hiyo huliwa na kuwa kijani au nyeusi kwa muda mfupi, na baada ya hapo waya utalazimika kushikiliwa kwa pembe ndipo simu ichaji. Zima simu, suuza tundu kwa maji kidogo yasiyo na chumvi ikiwa ni simu ya kuzuia maji, la sivyo ilete ifunguliwe, kisha iache ikauke mbele ya feni. Mchele hautoi chumvi.

15. Simu ya dukani haitolewi kwenye chaji mchana wala usiku, na sasa kioo kimeinuka. Kulikoni?

Betri imevimba. Ni swali la mawakala wa kutuma pesa zaidi ya watu wengine wote, na simu zao ndizo mfano kamili wa kila kilichoelezwa hapo juu. Niliyoletewa mara ya mwisho ilikuwa imekaa kwenye chaji miezi kumi na minne, nyuma ya kioo cha kaunta kinachopigwa na jua la asubuhi. Saketi yake ilikuwa nzima: niliipima ikakata kwenye volti 4.35 bila kuzidi. Haikujazwa kupita kiasi hata siku moja. Ilijaa tu, ikakaa imejaa, ikiwa na joto, kwa zaidi ya mwaka, mpaka maji ya kemikali yakageuka gesi na karatasi ya betri ikawa kama mto mdogo.

Betri ya namna hiyo isichajiwe tena, isibonyezwe irudi, na isitobolewe kwa sindano kama ninavyosikia wengine wakishauriana, kwani ikitobolewa yaweza kuwaka mkononi. Zima simu, iweke juu ya saruji au ndani ya sufuria yenye mchanga mkavu, mbali na mapazia na makuti, mpaka umfikie fundi.

Betri mpya ikishawekwa, simu ya dukani ihamishiwe kivulini na iwekewe kikomo cha swali la 10. Ikiwa simu haina sehemu hiyo, soketi yenye saa ya kujizima hufanya kazi ile ile: wakala huyo sasa huiwasha saa mbili asubuhi kwa saa moja, na tena saa kumi jioni. Juzi nilipopita niliikuta kwenye asilimia 64, kioo kikiwa kimelala sawasawa.